Staa-delta imeungua tena: tununue ile ile, sofstata, au draivu? Pampu ya maji kilowati 22

Katibu_wa_Bomba
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji, mji mdogo huku nyanda za juu mkoa wa Iringa. Umeme sikuusomea, kwa hiyo mnisamehe nikikosea majina.

Tuna pampu moja ya juu ya ardhi, mota ya kilowati 22, inavuta kwenye sampu na kupandisha maji hadi tangi lililo mlimani. Kutoka pampu hadi tangi ni mita 60 kwenda juu, na bomba lina urefu wa kilomita 1.5, plastiki la milimita 160, daraja la baa 10. Pampu inatoa kama mita za ujazo 75 kwa saa, tunaiendesha wastani wa saa 8 kwa siku. Transfoma ni ya kVA 100 na tunachangia na mashine mbili za kusaga.

Paneli yetu ni staa-delta. Mwaka huu kontakta imeungua mara ya tatu. Zaidi ya hapo, bomba limepasuka mara nne karibu na kituo, na kila likipasuka mji unakaa siku mbili bila maji. Fundi mmoja katuambia yote hayo ni sababu ya staa-delta, tuitupe.

Tumeletewa bei tatu. Paneli mpya ya staa-delta shilingi 2,100,000. Sofstata pamoja na kontakta yake ya kupitishia 3,400,000. Draivu pamoja na kabati, feni na choki 6,200,000. Kamati inakaa Jumamosi ijayo. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie kabla sijaenda kuaibika mbele ya mweka hazina.

DraivuTu
Jumatatu, saa 3:58 usiku

Mkuu hapo hakuna mjadala, chukua draivu. Staa-delta ni mambo ya zamani. Umeme unaokula pampu unashuka kwa mchemraba wa mwendo: punguza mwendo asilimia 20 tu, matumizi yanashuka karibu nusu. Hiyo milioni sita inarudi ndani ya mwaka. Na mabomba hayatapasuka tena maana inawasha na kuzima taratibu. Nimeshafunga nyingi, nikiandika hapa najua ninachosema.

Kontakta_Mweusi
Jumatatu, saa 4:21 usiku

Katibu, kabla hujatupa kitu naomba majibu ya maswali manne. Kwenye paneli kuna kontakta tatu, ni ipi iliyoungua? Taima imesetiwa sekunde ngapi? Rilei ya ovalodi imewekwa ampea ngapi, na kibati cha mota kinasema ampea ngapi?

Piga na picha ya kibati. Nataka kuona kama imeandikwa 400/690 au 230/400, maana hiyo ya pili ukiifunga staa-delta kwenye umeme wetu unaiua.

Kisima180
Jumatatu, saa 4:45 usiku

Wadau hamjambo, niko Kitui. Mimi pia nina shida kama yako ndugu. Pampu yangu ya kuzamisha iko chini mita 180, kilowati 7.5, nimeambiwa niweke staa-delta ndiyo stima isishuke boma nzima nikiwasha. Lakini waya zinazotoka kisimani ni tatu tu. Hizo zingine tatu natoa wapi?

Kontakta_Mweusi
Jumatatu, saa 4:52 usiku

Kisima180, huzitoi popote. Staa-delta inataka ncha sita za koili zitoke nje, na mota yako imeshafungwa ndani. Kwako ni sofstata au draivu. Ukichagua draivu, mota za kisimani hazipendi kuanza polepole: bearingi yake ya chini inaelea juu ya utando wa maji, na utando huo haujengeki mpaka mota ishike kasi. Watengenezaji wanataka ifike Hz 30 ndani ya sekunde moja hivi, ndipo uendelee taratibu kwenda 50, na isiendeshwe chini ya 30. Na kwa waya wa mita 180 weka choki upande wa kutokea, la sivyo insulesheni ya mota italiwa kidogo kidogo. Fungua uzi wako tukuhudumie huko, huu ni wa Katibu.

Katibu_wa_Bomba
Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Nimefika kituoni na mwendesha pampu. Dada Kontakta, majibu ni haya. Kibati kinasema 400/690, ampea 41 kwenye delta. Taima ipo kwenye 4. Rilei iko chini ya kontakta ya kushoto kabisa na mshale wake upo kwenye 40. Kontakta iliyoungua mara zote tatu ni ile ndogo, ya kulia. Nimeifungua ya zamani: vile vidonge vya ndani viwili vimeyeyuka vikashikana, cha tatu kimebaki kama punje ya mchele iliyoungua.

Kontakta_Mweusi
Jumanne, saa 1:33 asubuhi

Hiyo ndogo ni ya staa, na imekueleza ugonjwa wenyewe.

Iko hivi. Ukiwasha, mota inaanza kwenye staa na inavuta theluthi ya umeme ambao ingevuta ukiipachika moja kwa moja. Kwa mota yako moja kwa moja ni kama ampea 270, kwenye staa ni kama 90. Mota inavyozidi kukimbia, ampea zinashuka. Sasa taima yenu inakata staa sekunde ya 4, mota bado haijachanganya, ampea bado ziko juu. Ile kontakta ndogo, ambayo kwa kawaida inatakiwa kuachia mzigo uliokwisha kupungua, inalazimishwa kuachia moto. Kila siku inatoa cheche, mwisho inashikana. Halafu delta inaingia mota ikiwa bado nzito na unapata pigo linalokaribia lile la kuwasha moja kwa moja. Taa za mji zikikonyeza, haikonyezi staa, inakonyeza delta.

Usinunue kitu leo. Mwambie fundi aje na klampu mita yenye kushika kilele cha kuwashia. Awashe, aangalie ampea kwenye staa zinashuka hadi wapi na zinatulia sekunde ya ngapi. Taima iwekwe hapo zilipotulia, ongeza sekunde moja. Geti valvu ya kutokea iwe imefungwa karibu yote wakati wa kuwasha, ifunguliwe baada ya delta kuingia.

La pili ni la hatari zaidi. Hiyo rilei mahali ilipokaa haioni ampea zote, inaona zile za ndani ya koili, ambazo ni asilimia 58 tu. Ampea 41 mara 0.58 ni 24. Ninyi mmeweka 40, maana yake mota ingeweza kuvuta hadi karibu 69 rilei ikiwa imelala. Mna bahati mota bado ipo.

DraivuTu
Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Kurekebisha taima ni kubandika kiraka. Sofstata basi angalau, inavuta umeme mdogo kuliko staa-delta.

Kontakta_Mweusi
Jumanne, saa 2:24 asubuhi

Hapo umekosea mkuu, na ni kosa la wengi. Sofstata ya pampu kwa kawaida unaiwekea kikomo cha mara tatu ya ampea za mota, kwa Katibu ni kama 123. Staa peke yake ni 90. Sofstata inashusha volti kwa kuzikatakata, ampea zinashuka sambamba na volti lakini nguvu ya kuzungusha inashuka kwa mraba. Ukiibana hadi 123, nguvu ya kuanzia inabaki kama sehemu moja ya tano ya ile ya kuwasha moja kwa moja, wakati staa kwa ampea 90 inakupa theluthi. Uzuri wa sofstata ni kwamba haina lile pigo la kubadilisha, inapanda moja kwa moja hadi mwisho. Hiyo ndiyo faida unayoilipia, usiiuze kwa jina lingine.

Babu_Sampu
Jumanne, saa 12:05 jioni

Nimesoma toka juu. Umeme nawaachia wenyewe, mimi nimekaa na pampu miaka mingi. Katibu, swali moja tu: bomba linapasuka lini? Mwendesha pampu anapobonyeza kitufe cha kuzima, au umeme unapokatika wenyewe?

Katibu_wa_Bomba
Jumanne, saa 1:20 usiku

Babu shikamoo. Nimemuuliza na tumeangalia daftari lake. Mara zote nne ni umeme umekatika wenyewe. Akizima kwa mkono anafunga kwanza geti valvu pole pole kisha anabonyeza, kama alivyofundishwa, na hakuna kinachotokea. Umeme ukikatika anasema kwanza kimya, halafu baada ya muda kidogo unasikia *GBUM* kwenye cheki valvu, chumba kinatikisika.

Babu_Sampu
Jumanne, saa 2:02 usiku

Marahaba. Basi hizo pesa za draivu, kama unazitoa kwa ajili ya bomba, unazitupa. Umeme ukikatika sofstata imekufa, draivu imekufa, staa-delta imekufa. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuzima taratibu pasipo umeme. Vyote vitatu siku hiyo vinalingana na swichi ya ukutani.

Angalia kinachotokea. Maji yenu yanakimbia kama mita 1.2 kwa sekunde ndani ya bomba. Pampu ikizimika ghafla, presha pale pampu inaanguka kwanza. Kwa bomba la plastiki la aina yenu mshtuko unasafiri kama mita 335 kwa sekunde, na mwendo wa mita 1.2 ukisimama ghafla unazaa mabadiliko ya mita 41 hivi. Pampu ikifanya kazi geji inasoma mita 72: 60 za mlima na 12 za msuguano wa bomba. Kwa hiyo inaanguka hadi kama 31. Mshtuko unapanda hadi tangini, unarudi. Kilomita 1.5 kwenda na kurudi ni kama sekunde 9. Ukirudi unakuta cheki valvu imefunga, na presha sasa inapanda juu ya ile ya mlima: 60 na 40, unafika 100. Bomba lenu ni la baa 10, yaani mita 100. Mko ukingoni kabisa hata kama kila kitu kinafanya kazi vizuri.

Na hapo sijaweka valvu mbovu. Hiyo GBUM ni cheki valvu ya kibao inayochelewa kufunga. Maji yameshageuka yanarudi chini, yameshika mwendo, ndipo kibao kinapojipiga. Mwendo huo wa kurudi unaongeza mita zake juu ya zile 100. Angalieni pini ya kibao, nadhani imekula na kibao kinaning'inia.

Niambie pia kama kati ya kituo na tangi bomba linapita juu ya kilima kisha linashuka tena kidogo, na kama kuna valvu ya hewa pale.

Katibu_wa_Bomba
Jumanne, saa 2:31 usiku

Kilima kipo, karibu na shule ya msingi, kama mita 900 toka kituoni. Valvu ya hewa ipo ndani ya kisanduku cha zege. Sijawahi kuona mtu akikifungua.

Babu_Sampu
Jumanne, saa 2:40 usiku

Kesho kifungue. Presha ikianguka namna ile, pale kileleni inaweza kushuka chini ya hewa ya kawaida, maji yanaachana katikati, panabaki uwazi. Pande mbili zikirudi kukutana zinagongana kama mabehewa ya treni. Valvu ya hewa nzima inaingiza hewa haraka na kuitoa pole pole, mgongano unalainika. Iliyoshika kutu haifanyi chochote.

DraivuTu
Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Sawa, la umeme kukatika nakubali Babu, sikulifikiria. Lakini gharama za umeme bado. Hesabu ya mchemraba ipo kwenye vitabu, hamuwezi kuikana.

Babu_Sampu
Jumatano, saa 1:45 asubuhi

Siikani mwanangu. Ila ni ya pampu inayopigana na msuguano mtupu, kama ile ya kuzungusha maji kwenye mabomba ya jengo. Hii inapigana na mlima, na mlima haupungui ukipunguza mwendo.

Tufanye kwa kituo hiki hiki. Sasa hivi mota inakula kama kilowati 22.4 kutoa mita za ujazo 75, yaani uniti 0.299 kwa kila mita ya ujazo. Draivu ikipunguza mtiririko hadi 60, msuguano unatoka mita 12 hadi 7.7, lakini 60 za mlima zipo pale pale. Jumla 67.7 badala ya 72. Umeokoa asilimia 6 kwa kila ndoo. Draivu yenyewe inakula asilimia 3 kwa joto lake. Unabaki na uniti 0.289. Tofauti ni 0.01.

Mji huu unatumia mita za ujazo 18,000 kwa mwezi. Mara 0.01 ni uniti 180. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni kama 64,000 kwa mwezi. Bei ya draivu inazidi ya staa-delta kwa 4,100,000, kwa hiyo hela inarudi baada ya miezi 64, miaka mitano na ushee. Na hapo nimechukulia ufanisi wa pampu haushuki ikienda pole pole, wakati kwa kawaida unashuka kidogo. Saa za kuendesha nazo zinatoka 8 zinakuwa 10.

Kitu kingine ambacho mafundi wa draivu hawakisemi. Pampu za namna hii geti likiwa limefungwa kabisa zinasukuma kama mita 90. Nguvu hiyo inashuka kwa mraba wa mwendo. Ili ifikie 60 tu za mlima lazima mwendo uwe asilimia 82, yaani Hz 41. Chini ya hapo cheki valvu haifunguki. Pampu inazunguka, mita za kwenye kioo zinapendeza, maji hayatoki hata tone, yanachemka ndani ya pampu mpaka sili inaungua. Nimeshaitwa kwenye kituo mtu kaweka 38 ili "kubana matumizi", na tangi limekaa tupu siku tatu.

Mlima_Maji
Jumatano, saa 3:15 asubuhi

Babu heshima yako, ila kwetu draivu ililipa, tena haraka. Nieleze kwa nini. Sisi tulikuwa tunabana geti valvu ya kutokea muda wote, maana ukiifungua yote ovalodi inakata. Pampu ilikuwa kubwa kuliko kazi. Geji kabla ya geti ilisoma baa 9.5, baada ya geti baa 7. Tulipoweka draivu tukafungua geti lote tukaishusha hadi Hz 44 na kidogo, tangi likajaa kwa muda ule ule. Bili ilishuka kama robo.

Babu_Sampu
Jumatano, saa 3:30 asubuhi

Hapo umelipa haki. Zile baa 2.5 zilikuwa zinaliwa na geti, karibu robo ya umeme wako ulikuwa unapasha valvu joto. Ingawa ungeweza pia kuchonga impela ikapungua kipenyo, kazi ya mtu wa tono kwa nusu siku, ukapata jambo hilo hilo bila kununua chochote. Lakini impela ukishaichonga huirudishi. Katibu, weka geji mbili usome kabla na baada ya geti likiwa wazi kama mnavyoendesha.

Mlima_Maji
Jumatano, saa 3:41 asubuhi

Kuchonga tulifikiria, tukaogopa kwa sababu mji unakua. Draivu nikitaka maji zaidi mwakani naongeza Hz.

Mweka_Akiba
Jumatano, saa 7:20 mchana

Mimi si fundi ila nimewahi kuwa mhasibu wa mradi kama huu. Mnaongelea bei ya kununua, hamuongelei bei ya siku kitakapoharibika. Kontakta ya staa inauzwa duka la vifaa vya umeme pale stendi, na kijana yeyote wa mtaani anaibadilisha kabla ya adhuhuri. Draivu yetu ilipigwa na radi, ubao ukapelekwa Dar, tukakaa wiki tano. Wiki tano mji mzima unanunua maji kwenye madumu ya bodaboda. Hiyo gharama ipo kwenye hesabu ya nani?

Kontakta_Mweusi
Jumatano, saa 8:02 mchana

Mweka Akiba umegusa penyewe. Naongeza: draivu ikifungwa, kinga ya radi ya upande wa kuingilia si anasa, na kabati lizibwe kila tundu. Nimetoa mjusi mkavu katikati ya ubao wa draivu zaidi ya mara moja. Wanafuata joto. Mjusi analala juu ya basibaa, asubuhi mmoja wao amekufa, na si mjusi peke yake.

Halafu Katibu, mpo mita ngapi juu ya bahari? Nyanda za juu hewa ni nyepesi, haipozi vizuri. Draivu na sofstata nyingi zinapimwa kwa mita 1,000, kila mita 100 juu ya hapo zinapoteza kama asilimia moja. Mkiwa 1,700, draivu iliyoandikwa ampea 45 ihesabu kama 42. Mota yenu ni 41. Muulize aliyekuletea bei kama alilijua hilo.

Ila nisionekane nachukia draivu. Ingekuwa mnawasha kwa jenereta ningesema chukueni bila kufikiri, maana haina mruko wa kuwashia na jenereta ya kVA 40 ingewatosha. Staa inataka kama kVA 62 kwa dakika hizo za mwanzo.

DraivuTu
Jumatano, saa 8:30 mchana

Sekunde za mwanzo, si dakika. 😄 Na mimi naongeza la haki: draivu inakulinda fazi ikikosekana, inajua pampu ikikauka. Staa-delta ya bei hiyo haina hayo.

Kontakta_Mweusi
Jumatano, saa 8:34 mchana

Sekunde, kweli. Hilo la fazi nakupa. Ila rilei ya kulinda fazi inanunuliwa peke yake, na ya kuzuia pampu kukauka ni vijiti viwili vya chuma kwenye sampu.

Katibu_wa_Bomba
Ijumaa, saa 2:10 usiku

Wakuu, mrejesho. Leo fundi kaja na klampu mita. Kwenye staa imeanza 86, sekunde ya 4 ilikuwa bado 71. Akaiacha, ikatulia 47 kwenye sekunde ya 8. Kwa taima ya zamani delta ikiingia kilele kilikuwa 245. Tumeweka taima 9, geti limebanwa, kilele 150. Mwenye mashine ya kusaga kaja mwenyewe kuuliza leo hamjawasha? Taa yake haikukonyeza.

Geji mbili tumeweka: 7.3 kabla, 7.1 baada. Kwa hiyo si kama kwa Mlima_Maji.

Kisanduku cha shuleni tumekifungua. Valvu ya hewa ilikuwa imejaa udongo na ndani kulikuwa na kiota. Mpira wake umekauka. Cheki valvu tumeifungua pia, pini imekula upande mmoja kama Babu alivyosema.

Tatizo jipya: rilei tumeshusha hadi 24. Asubuhi inaendesha vizuri, jioni saa mbili inakata baada ya saa moja hivi. Fundi anataka kuipandisha 30. Nimemzuia mpaka niulize.

Kontakta_Mweusi
Ijumaa, saa 2:22 usiku

Umefanya vema kumzuia. Pima volti saa hiyo ya jioni.

Katibu_wa_Bomba
Ijumaa, saa 2:48 usiku

335 kati ya fazi na fazi. Asubuhi ilikuwa 398.

Kontakta_Mweusi
Ijumaa, saa 3:05 usiku

Ndiyo hivyo. Mzigo wa pampu haubadiliki, volti zikipungua mota inafidia kwa kuvuta ampea zaidi. Asubuhi inavuta kama 38, jioni kama 45 na ushee, na hiyo ni zaidi ya kibati. Rilei haikosei, inakuokolea koili. Siku zote ilikuwa hivyo, mlikuwa hamuambiwi. Sogeza saa za kuendesha ziwe alfajiri, kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi, majiko na taa zikiwa zimezimwa. Mkilazimika jioni, baneni geti kidogo ampea zishuke.

DraivuTu
Ijumaa, saa 3:12 usiku

Draivu ingestahimili hizo volti.

Kontakta_Mweusi
Ijumaa, saa 3:16 usiku

Ingestahimili kuwaka, lakini haitengenezi volti. Ikiingizwa 335 haiwezi kutoa 400. Mota itapata 335 ile ile na ampea zile zile, au draivu ipunguze mwendo yenyewe, na Babu ameshasema chini ya Hz 41 hakuna maji.

Babu_Sampu
Ijumaa, saa 3:40 usiku

Katibu, cheki valvu mpya nunua ya springi, inayofunga kabla maji hayajageuka. Baada ya hapo weka geji yenye mshale wa kuonyesha kilele, subiri umeme ukatike, usome. Ikizidi 95 tuongee habari ya tangi la hewa la kupokea mshtuko.

Katibu_wa_Bomba
Jumapili, wiki ya tatu baadaye, saa 11:30 jioni

Kamati ilikaa mara mbili. Tumenunua kontakta moja ya staa, cheki valvu ya springi, valvu ya hewa mpya na rilei ya fazi. Jumla 1,480,000, valvu ya springi ndiyo iliyokula nyingi. Pampu inaendeshwa kuanzia saa tisa usiku. Mwendesha pampu amelalamika usingizi, tumemwongezea posho.

Umeme umekatika mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza geji ilisimama 92. Mara ya pili 97. Sauti ya GBUM haipo tena, ni kama mtu anayekohoa. Babu, hiyo 97 inanitia wasiwasi, na kwa nini mara mbili hazilingani?

Wajumbe wawili bado wanataka draivu, wanasema mwakani tukifungiwa sola itahitajika tu. Sina jibu lao.

Babu_Sampu
Jumapili, saa 1:05 usiku

Tangi mlimani lilikuwa limejaa au tupu mara hizo mbili? Na aliyekuwa zamu, geti lilikuwa wazi lote siku ya 92?

Kisima180
Jumapili, saa 1:17 usiku

Ndugu zangu nimenunua ile draivu, lakini imeandika hivi kwenye kioo na haiwaki. Nani anajua maana yake?

```
OU
```

Kontakta_Mweusi
Jumapili, saa 1:25 usiku

Nilisema ufungue uzi wako. Haya: kwa nyingi hiyo ni volti kuzidi. Inatokea unapowasha, au unapozima? Kama ni kuzima, umeweka muda mfupi mno wa kushuka. Kama haiwaki kabisa, pima volti za kuingilia kwanza ndipo uguse kitu kingine.

Katibu_wa_Bomba
Jumapili, saa 1:31 usiku

Babu, mwendesha pampu anasema siku ya 92 geti lilikuwa robo tatu. Siku ya 97 lilikuwa wazi lote. Tangi hakumbuki.